Mutura Si Shida, Shida Ni Ile Soseji Mbichi Kwa Friji Yako

Kila nikiposti video nikila mutura, kuna msee lazima aje kunihubiria. "Bro, unakula utumbo? Si afadhali hata soseji ya paketi, hiyo angalau ni safi." Huwa nacheka napita. Leo sipiti. Leo tubishane vizuri, kwa sababu ile soseji "safi" ndiyo imewahi kunilaza chini siku mbili. Mutura haijawahi.

Ilikuwa besidei ya rafiki yangu, hapo Roysambu. Tulikuwa watu saba kwa keja moja, mziki uko juu, na mimi kama kawaida nikajitolea kupika. Asubuhi nilikuwa nimenunua soseji kwa duka, zile za kuuziwa moja moja. Zilitolewa kwa freza, zikahesabiwa, zikatiwa kwa mfuko. Nikazibeba kwa matatu, nikafika nikaziweka juu ya meza karibu na dirisha, na hapo zikakaa hadi jioni. Kwa akili yangu hakukuwa na shida yoyote. Kwani yule jamaa wa troli ya smoki si hushinda kwa barabara kutoka asubuhi hadi usiku, na bado tunapanga laini?

Saa moja jioni nikaweka mafuta kwa sufuria, moto wote, nikazitupa ndani. Baada ya dakika nne hivi zilikuwa za kahawia, zinang'aa, zingine zimepasuka ubavuni, picha tamu kabisa. Dem mmoja akakata yake, akaangalia, akaniuliza, "Hizi mbona ziko pinki ndani?" Nikamjibu na ule ujasiri wa mtu asiyejua kitu: "Si hata smoki huwa pinki ndani?" Akala. Sote tukala, isipokuwa wawili ambao hawali nyama.

Kesho yake jioni watu wanne tulikuwa tunagombania choo. Yule dem aliyeuliza ndiye aliumia zaidi, akalala kliniki na dripu mkononi. Hakuna mtu alipima chakula chenyewe, kwa hivyo siwezi kusimama kortini niape ni soseji. Lakini wale wawili ambao hawakuzigusa walikuwa wazima kama kengele. Na ile sentensi yangu ya "si hata smoki" bado inanisumbua hadi leo, kwa sababu yeye aliona dalili na mimi ndiye nikamnyamazisha.

Nina binamu anayefanya kazi kwa karakana ndogo ya kutengeneza soseji. Nikampigia simu nikiwa bado nimejikunja kitandani. Akanisikiliza hadi mwisho, halafu akasema, "Ulipika kitu kibichi ukidhani unapasha kitu kimeiva. Soseji na smoki si ndugu vile unafikiria."

Hiyo ndiyo hoja yangu leo. Tunapigana kuhusu ganda, utumbo au si utumbo, na tunasahau swali moja ambalo kweli linaweza kukulaza: hii soseji iliyo mbele yangu, nani ameua viini vyake, na aliwaua lini?

Njia tatu

Soseji zote zinaanza karibu sawa. Kuna nyama, mafuta, chumvi na viungo. Vinasagwa, vinachanganywa, vinajazwa kwa ganda refu, kisha linasokotwa ama kufungwa vipande vipande. Baada ya hapo njia zinagawanyika.

Ya kwanza inakufikia ikiwa mbichi. Imewekwa kwa baridi au imegandishwa, lakini haijaona moto, na kazi yote ya kuua viini imeachiwa wewe na sufuria yako. Ya pili imepikwa kabla hujaiona, na mara nyingi imetiwa moshi pia. Hapa ndipo zinakaa smoki, poloni na, usishtuke, mutura. Ya tatu haipikwi kabisa. Inachachushwa, halafu inakaushwa kwa wiki nyingi, na asidi, chumvi na ukavu ndivyo vinafanya kazi ambayo moto ungefanya. Hiyo ni salami, pamoja na zile duara nyekundu za peperoni juu ya pitsa.

Sasa angalia utani ulioko hapo. Ile mutura mnayoita chafu imechemshwa kabla ya kuchomwa. Ile soseji ya paketi mnayoita safi, kwa kawaida ni nyama mbichi iliyovaa nguo nzuri.

Mbichi: moto ni wako

Kuna kitu binamu yangu alinieleza ambacho nilistahili kufunzwa kabla ya kuruhusiwa kushika sufuria. Kwa kipande kizima cha nyama, viini vingi huwa juu, kwa uso wake. Ukikichoma nje vizuri, umeua wengi wao hata kama ndani kuna uwekundu. Lakini ukisaga hicho kipande, ule uso wa nje unaingia ndani. Viini vilivyokuwa juu sasa viko katikati kabisa, mahali moto hufika mwisho. Ndiyo maana mtu anaweza kula steki nyekundu na asidhurike, lakini soseji nyekundu ni kucheza kamari.

Kipimo kinachotumika kwa nyama ya ng'ombe au nguruwe iliyosagwa ni nyuzi 71 za Selsiasi katikati, na kwa kuku ni 74. Kipimajoto cha jikoni chenye sindano ndicho hakikudanganyi. Unakiingiza kutoka ncha ya soseji, kwa urefu, hadi sindano ifike katikati ya nyama. Rangi haiaminiki. Kuna nyama hugeuka kahawia kabla haijafika joto hilo, na kuna nyingine hubaki na upinki hata ikishapita. Kama huna kipimajoto, kata ile nene kuliko zote. Nyama iliyoiva imeshikana na unaona mvuke ukitoka. Ile ambayo bado huwa laini kama uji mzito, inang'aa, na inashika kisu. Zangu siku ile zilikuwa hivyo kabisa.

Kosa langu lingine lilikuwa moto mkali. Mafuta yakiwa moto sana, nje inakauka na kuwa kahawia haraka wakati katikati bado ni baridi, hasa kama soseji ilitoka kwa freza. Na maji yaliyo ndani karibu na ganda yanageuka mvuke haraka kuliko ganda linavyoweza kutanuka, ndiyo linapasuka pwaa! Tukiona imepasuka tunasema "imeiva." Hapana. Imepasuka tu.

Siku hizi napika hivi. Usiku wa kuamkia siku ya kupika naziweka kwa friji ziyeyuke humo humo, si juu ya meza. Nikianza, naweka kwa sufuria pana na maji kidogo, yafike nusu ya urefu wa soseji iliyolala. Nafunika, moto wa chini, yale maji yachemke kwa upole, dakika kumi hivi, nikizigeuza mara moja. Kisha namwaga maji yaliyobaki, naongeza kijiko kimoja cha mafuta, na nazipa rangi kwa dakika tatu au nne. Maji yameshaivisha ndani, mafuta yanafanya urembo tu. Tangu nianze njia hii sijaona hata moja ikipasuka.

Na kama hakuna friji kwa keja, nunua zile utakazopika saa hiyo hiyo. Soseji mbichi hata kwa friji ni ya siku moja au mbili tu. Kuiacha mezani kutwa nzima, vile nilifanya, ni kuwapa viini likizo yenye malipo.

Iliyopikwa: kwa nini smoki ni pinki

Turudi kwa ile sentensi yangu ya aibu. Ni kweli smoki ni pinki ndani na haina shida. Lakini ule upinki hautokani na ubichi. Nyama ya smoki huchanganywa na chumvi yenye nitriti. Nitriti ikikutana na rangi ya asili ya nyama, halafu ukaweka joto, rangi inageuka kuwa pinki na inabaki hivyo hata baada ya kuiva kabisa. Pia nitriti inamzuia yule bakteria anayeleta botulizimu, ugonjwa mbaya sana wa sumu unaopoozesha misuli. Soseji mbichi ya kawaida haina hiyo nitriti. Kwa hivyo upinki wa smoki ni alama ya kemia, na upinki wa soseji mbichi unaweza kuwa alama ya "bado." Rangi moja, maana mbili. Ndiyo hapo nilianguka.

Utengenezaji wake uko tofauti pia. Nyama inasagwa laini sana pamoja na mafuta na barafu hadi iwe kama unga uliokandwa na maji mengi. Barafu si ya kuongeza uzito tu. Visu vinazunguka kwa kasi na vinaleta joto, na mchanganyiko ukipata joto mafuta yanayeyuka na kujitenga na nyama. Ukiwahi kukata soseji iliyopikwa ukakuta mifuko ya mafuta ndani, au tabaka la jeli chini ya ganda, huo mchanganyiko ulivunjika. Baada ya kujazwa inatiwa moshi, inapikwa hadi katikati ifike nyuzi 70 na kitu, kisha inapozwa haraka.

Kwa hivyo jamaa wa troli hapiki smoki. Anazipasha. Hatari kwake iko kwingine, baada ya kupikwa: ubao wa kukatia, kisu, mkono unaoshika pesa na kachumbari kwa wakati mmoja, na uvuguvugu. Chakula kilichoiva kinafaa kikae moto zaidi ya nyuzi 60 au baridi chini ya 5. Katikati hapo ndipo viini huzaana. Smoki inayotoa mvuke juu ya makaa, sawa. Smoki iliyolala vuguvugu kwa troli ambayo makaa yake yalizima saa nyingi zilizopita, mwambie tu, "Boss, nipashie vizuri," na ungoje.

Na msidhani kiwanda kinamaliza mchezo. Afrika Kusini, mwaka 2017 hadi 2018, zaidi ya watu 1,000 waliugua listeria na zaidi ya 200 wakafa, wakiwemo watoto wachanga. Machi 2018 serikali ikatangaza chanzo: poloni. Chakula cha kila siku, cha bei ya chini, kilichopikwa tayari. Listeria hufa kwa joto la kupikia, lakini anaweza kuishi kwa mashine na sakafu za kiwanda na kurukia nyama baada ya kupikwa, wakati wa kukata na kufunga. Halafu ana tabia moja mbaya: anaendelea kukua hata ndani ya friji. Ndiyo maana kama uko na mimba, au unamlisha mtu mzee au mgonjwa, hata kile kilichoiva tayari ukipashe hadi kitoe mvuke.

Sasa tuongee utumbo

Hapa ndipo mnanichekea, kwa hivyo sikilizeni vizuri.

Ganda la asili la soseji ni utumbo wa kondoo, mbuzi, nguruwe au ng'ombe. Lakini lile la viwandani si utumbo mzima. Unasafishwa, kisha utando wa ndani wenye ute unakwanguliwa, na misuli ya nje inaondolewa. Kinachobaki ni tabaka moja jembamba katikati, karibu yote kolajeni, unaweza kuona mwanga ukipita. Linatiwa chumvi nyingi na linakaa kwa baridi miezi mingi bila kuoza. Siku ya kutumia, unaliloweka kwa maji vuguvugu nusu saa hivi, unapitisha maji ndani kama mpira wa bustani, na papo hapo unaona kama kuna tundu. La kondoo ni jembamba, milimita 20 na kitu. La nguruwe ni pana zaidi, milimita 30 na kuendelea.

Ganda la kutengenezwa linalolika, lile la soseji nyingi za paketi, unadhani ni nini? Ni kolajeni pia. Inatoka kwa tabaka la ndani la ngozi ya ng'ombe, inasagwa, inalainishwa kwa asidi, inasukumwa kwa mashine itoke kama mrija. Kwa hivyo yule msee anayekataa utumbo anakula ngozi. Tofauti ni kwamba moja ilitengenezwa na mnyama na nyingine ikapangwa upya na mashine.

Kuzitambua ni rahisi. La asili limepinda, halilingani unene, na ukiangalia karibu unaona vijimishipa. Likiiva linauma kwa meno kwa namna yake, tak! Linanywea pamoja na nyama. La kolajeni limenyooka, kila soseji ni kama pacha wa mwenzake, na kwa moto mkali linaweza kuwa gumu au kuchubuka vipande. Kwa kiwanda ni rahisi zaidi kwa sababu halina mashimo, halihitaji kulowekwa na mashine haisimami.

Kuna mengine mawili ya kutengenezwa ambayo huli. La selulosi linatokana na nyuzi za mimea. Soseji inapikwa ndani yake, protini ya nyama inashikana kwa joto na moshi na kujifanyia kijingozi, halafu mashine inalichambua lile ganda na kulitupa. Kwa hivyo ukikwangua smoki yako kwa ukucha na utando mwembamba ukatoka, huenda bado imevaa ganda lake. Ikiwa hakuna kitu kinatoka, ilivuliwa nguo kabla ya kukufikia. La mwisho ni la plastiki, kama lile la poloni. Halipitishi moshi wala maji, kwa hivyo nyama haipungui uzito, na mwenye kiwanda anafurahi. Hilo unalibandua. Tafadhali usilikaange.

Na ndugu zangu Waislamu, hili ni lenu pia: soseji kuandikwa "ya ng'ombe" kunaongelea nyama. Ganda ni swali la pili. Linaweza kuwa la kondoo, la ngozi ya ng'ombe, au la nguruwe. Uliza yote mawili.

Sasa mutura. Hapa kwetu utumbo unatumika mzima, haujakwanguliwa hadi tabaka moja. Ndiyo maana ganda lake ni nene, lina mafuta, na lina ile harufu ambayo wengine mnaikimbia na wengine tunaifuata kutoka steji. Ni kweli basi kwamba mutura inategemea sana uoshaji, kuliko ganda la kiwandani. Siwezi kuficha hilo. Ndiyo nikaenda kuuliza.

Kuna mzee anayeuza karibu na kwetu, nimekuwa mteja wake tangu sekondari. Nikamwamkia, nikamwambia, "Mzee, kuna watu wanasema hii kitu ni chafu." Akacheka bila kuinua macho. "Kijana, wewe njoo saa nne asubuhi, si saa kumi na mbili jioni. Jioni unaona moshi. Asubuhi utaona kazi."

Nikaenda. Utumbo unamiminiwa maji hadi yatoke meupe, unageuzwa ndani nje, unakwanguliwa kwa mgongo wa kisu, unasuguliwa kwa chumvi, unaoshwa tena kwa maji moto. Ndani kunaingia nyama iliyokatwakatwa, damu, vitunguu, dania na pilipili. Hajazi hadi ishibe kabisa, kwa sababu damu hutanuka ikiiva na ganda lingepasuka. Anafunga ncha, anachemsha kwa moto wa upole karibu saa nzima, akidunga kwa mti mwembamba mara kwa mara. Mti ukitoka na damu nyekundu, bado. Ukitoka na majimaji yasiyo na wekundu, imeiva. Kuchoma ni ya jioni, ya kukausha nje na kuleta ladha.

Hapo nikaelewa kitu. Mzee ana kipimo cha kuiva. Mimi siku ya besidei sikuwa nacho.

Kwa hivyo ukienda kwa mutura, angalia ndani. Iliyoiva ni nyeusi au kahawia nzito, imeshikana, inakatika vipande visivyomwagika. Ukiona uwekundu unaotiririka, rudisha, hata kama foleni inakuangalia. Na angalia ubao: ukiwa umekatiwa nyama mbichi hapo hapo, ile saa nzima ya kuchemsha imekuwa bure.

Iliyochachushwa: usijaribu kwa kamba ya nguo

Nimemaliza na ya tatu kwa sababu kuna rafiki yangu ameona video za salami, ameona bei yake kwa supamaketi, na sasa anataka kuzitundika kwa balkoni auze. Nampenda sana, ndiyo maana namwandikia hapa mbele ya watu.

Wazo lenyewe si geni kwetu. Ni kama mursik: bakteria wazuri wanakula sukari, wanatoa asidi, na wabaya wanakosa nafasi. Kwa salami, kilo moja ya nyama inapata chumvi gramu 25 hadi 30, sukari kidogo, gramu 5 hivi, chumvi ya nitriti iliyopimwa kwa mizani, na bakteria wa kuanzishia wanaouzwa kama unga. Inatundikwa mahali pa joto la nyuzi 20 na kitu, siku mbili au tatu, hadi pH ishuke kutoka 5.8 hivi hadi 5.3 au chini. Hiyo inapimwa kwa kifaa, si kwa kuonja. Baada ya hapo inahamishiwa chumba cha nyuzi 12 hadi 15 chenye unyevu wa kiasi, na kuachwa kwa wiki kadhaa. Ukianza na gramu 1,000, unangoja mizani isome 700 hivi. Mizani ndiyo inaamua, si kalenda.

Hapa ganda si pambo, ndiyo mlango. Lazima lipitishe maji yatoke, na linywee pamoja na nyama. La asili linaweza, la kolajeni linaweza, la selulosi nene linaweza. La plastiki haliwezi kabisa, maji yatabaki ndani na utakuwa umetengeneza nyama iliyooza kwa mpira. Na hata ganda likiwa sahihi, hewa ikiwa kavu sana au upepo mwingi, nje inakauka haraka na kuwa ukuta. Maji ya katikati yanafungiwa. Ukiikata unaona pete nyeusi ngumu nje na moyo laini, wa kijivujivu ndani. Hiyo ni ya kutupa. Balkoni ya Nairobi, jua mchana na baridi usiku, itakupa hiyo pete. Mombasa na unyevu wake itakupa ukungu wa kila rangi.

Na hata wanaojua huteleza. Mwaka 1995 huko Adelaide, Australia, soseji iliyochachushwa bila kupikwa ilibeba E. koli ya aina mbaya. Zaidi ya watoto 20 waliharibika figo na mtoto mmoja akafa. Asidi na ukavu hupunguza viini, lakini havina nguvu ya moto. Kama nyama iliingia chafu, hakuna hatua ya mwisho ya kukuokoa.

Kwa hivyo, rafiki, ukitaka kuanza biashara ya soseji, anza na ya kupikwa. Ina kipimajoto kimoja na jibu moja.

Ninachotaka

Sitaki mtu aache soseji. Mimi mwenyewe sijaacha. Nataka vitu viwili vidogo.

Kwanza, watengenezaji, andikeni neno MBICHI mbele ya paketi, kwa Kiswahili, kubwa kama jina la kampuni. Maelezo ya kupika yakiwa nyuma kwa herufi za mchwa hayatusaidii. Pili, wenye maduka mnaouza moja moja, mjue kwamba mkifungua ile paketi, maelezo yote yanabaki kwenu. Mimi nilipewa soseji kwa mfuko mtupu. Sentensi moja tu, "Hizi ni mbichi, pika hadi ndani," ingenitosha.

Kosa bado lilikuwa langu, sikatai. Yule dem alipona, na bado ni marafiki. Juzi tulikuwa kwa mzee wa mutura, akapewa kipande chake, akakigeuza, akaangalia katikati kwa makini kama mkaguzi. Halafu akaniangalia mimi. Sikusema kitu kuhusu smoki. Nikangoja aridhike, akatia chumvi, ndiyo nikala yangu.